Kumwasilisha mgonjwa kwenye raundi ya wodi: andaa ukianzia mwisho

Timu ya raundi ikisimama mbele ya kitanda na daktari bingwa akasema "haya, tuelezee mgonjwa wako," mwanafunzi wa uuguzi ana kama dakika mbili kabla watu hawajaanza kumkatiza. Wengi huzimalizia kwenye historia. Wanaanza na jinsi ugonjwa ulivyoingia miezi minne iliyopita, wanasoma majibu yote ya damu, na wakifika kwenye jambo la asubuhi ile daktari ameshalivuta faili anasoma mwenyewe.

Mwongozo huu unamfuata mgonjwa mmoja wa mfano tangu zamu ya asubuhi inapoanza hadi raundi inapoondoka kitandani kwake. Muundo tutakaoutumia ni ule wa sehemu nne: hali ilivyo, usuli, tathmini, pendekezo. Kwenye fomu nyingi utauona umeandikwa kwa herufi SBAR. Chimbuko lake ni nyambizi za jeshi la majini la Marekani, na uliingia hospitalini mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sehemu hizo unazisema kwa mpangilio huo mbele ya timu. Kuziandaa ni jambo jingine: unaanza na pendekezo, kwa sababu ukishajua unaomba nini ndipo unapojua nini kiingie na nini kiachwe.

Mgonjwa wetu

Ni mama wa miaka 58, kitanda namba 6, siku ya tatu wodini. Alilazwa kwa sababu moyo umeshindwa kusukuma damu vya kutosha, maji yakajaa mwilini, miguu ikavimba na kupumua kukawa kwa shida. Ana shinikizo la juu la damu kwa miaka 12 na aliacha dawa zake wiki tatu kabla ya kulazwa. Anapata furosemaidi miligramu 40 kwa sindano ya mshipani mara mbili kwa siku, saa 2 asubuhi na saa 8 mchana, oksijeni lita 2 kwa dakika kwa mirija ya puani, na ameambiwa asizidishe lita moja na nusu ya maji kwa siku.

Raundi ni saa 3 asubuhi. Mwanafunzi, tumwite mwanafunzi wa mwaka wa pili tu, ameingia saa 1.

Hatua ya kwanza: nenda kwa mgonjwa kabla ya faili

Hapa ndipo ninapowasumbua wanafunzi wangu zaidi. Ukianza na faili utamwona mgonjwa wa jana. Utaenda kitandani ukiwa tayari unajua upumuaji wake ni 20, na ukimtazama utaona 20. Nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kusimama mbele ya raundi nikasoma "upumuaji 20" kutoka kwenye chati, wakati mgonjwa amekaa pembeni yangu akipumua mara 32 kwa dakika. Daktari hakusema kitu. Aliweka mkono begani kwa mgonjwa, akahesabu akiangalia saa, timu nzima ikingoja. Mgonjwa yule alihitaji msaada tangu alfajiri, na mimi ndiye niliyepita kitandani kwake na karatasi.

Kwa hiyo unaanza na macho. Mama wa kitanda namba 6 amekaa, hakulala chali. Mgongoni ana mito mitatu. Mwanafunzi anamsalimu, anamwuliza amelalaje, na anasikiliza siyo jibu tu bali na namna linavyotoka: je, anamaliza sentensi au anakatisha ili avute pumzi? Anamaliza, ila anasema usiku alilazimika kuomba mto wa tatu, kwa kuwa akilala na miwili anahisi kubanwa. Kauli hiyo inaandikwa kama alivyoisema. Mto wa tatu ni kipimo halisi, kwani mtu ambaye moyo wake umeshindwa huhitaji kukaa wima zaidi maji yanapoongezeka mapafuni.

Kisha vipimo. Upumuaji unahesabiwa dakika nzima, bila kumwambia mgonjwa kwamba unauhesabu, kwa sababu akijua atabadilisha namna anavyopumua. Mwanafunzi anaacha vidole kwenye kifundo cha mkono kana kwamba bado anahesabu mapigo ya moyo, huku anatazama kifua. Anapata 24. Mapigo ya moyo 96, shinikizo la damu 150/92, joto 36.7, oksijeni ya damu asilimia 94 akiwa kwenye lita 2. Hayo maneno "akiwa kwenye lita 2" hayaachwi kamwe. Asilimia 94 kwa hewa ya kawaida na asilimia 94 kwa oksijeni ni wagonjwa wawili tofauti.

Uzito unapimwa kabla ya kifungua kinywa, baada ya kukojoa, kwa mzani uleule wa jana na nguo nyepesi zilezile. Ukibadilisha kimojawapo unaweza kupata tofauti ya nusu kilo isiyokuwepo. Leo ni kilo 73.2. Mwanafunzi anarudia mara ya pili na kupata namba ileile.

Mwisho miguu. Anabonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa mundi kwa sekunde tano hivi na kuachia. Shimo linabaki, na anapanda nalo polepole hadi linapoishia, chini kidogo ya goti, miguu yote miwili. Anaangalia pia sehemu ya chini ya mgongo, kwa sababu kwa mtu anayekaa kitandani muda mrefu maji hushuka huko, na ngozi iliyovimba inayokaliwa mchana kutwa ni rahisi kuchubuka. Ngozi ni nzima.

Yasiyongoja raundi

Upumuaji wa jana asubuhi ulikuwa 20, oksijeni 95. Leo ni 24 na 94. Mwanafunzi haweki habari hiyo mfukoni ili aende kung'ara nayo saa 3. Anamwendea muuguzi wa zamu palepale, anampa namba, na muuguzi anakuja kumtazama mgonjwa, anamkalisha vizuri zaidi na kumjulisha daktari wa zamu.

Mgonjwa ambaye hawezi kumaliza sentensi, aliyechanganyikiwa ghafla, anayelalamikia maumivu ya kifua, anayepumua zaidi ya mara 25, au ambaye oksijeni yake inashuka huku yuko kwenye mirija, huyo si mgonjwa wa kuandaliwa uwasilishaji. Ni wa kuitiwa msaada sasa hivi. Raundi itamkuta ameshaanza kushughulikiwa.

Hatua ya pili: sasa faili, ukitafuta mwelekeo

Namba moja haisemi kitu hadi uiweke kando ya ile ya jana na ya juzi. Mwanafunzi anachukua karatasi na kuandika uzito wa siku tatu kwenye mstari mmoja:

74.0, 72.6, 73.2

Hapo tu pana uwasilishaji mzima. Siku ya kwanza mama alipoteza kilo 1.4, dawa ikafanya kazi. Jana amerudisha kilo 0.6. Hakuna mtu anayenenepa zaidi ya nusu kilo kwa usiku mmoja. Hayo ni maji, na lita moja ya maji ni kilo moja.

Anayeishia hapo ataenda kwenye raundi na kusema: "Uzito umepanda, amezidi kubanwa, dawa haimsaidii." Sentensi hiyo inasikika ya kitaalamu, na inaweza kumdhuru mgonjwa. Daktari akiisikia, jambo la kwanza linalomjia ni kuongeza dozi. Kabla ya kusema dawa haisaidii, sharti ujue kama dawa iliingia.

Anafungua chati ya dawa. Dozi ya jana saa 2 asubuhi ina saini. Ya saa 8 mchana ina kisanduku kitupu.

Kisanduku kitupu kinaweza kumaanisha mambo mawili: dozi haikutolewa, au ilitolewa na mtu akasahau kusaini. Usichague mwenyewe. Mwanafunzi anarudi kwa mama na kumwuliza, bila kumwekea jibu mdomoni, jana mchana ilikuwaje. Mama anasema mkono wa kushoto ulivimba pale sindano ilipokuwa, wakaitoa. Anaangalia mkono: pana alama na uvimbe mdogo. Anaangalia kumbukumbu za wauguzi: kanula imetolewa jana saa 7 na nusu mchana, mpya imewekwa saa 5 usiku mkono wa kulia. Halafu anamwuliza muuguzi wa zamu, ambaye anathibitisha na mwenzake wa jana kwamba dozi haikutolewa, na kwamba jambo hilo lilipotea kwenye makabidhiano.

Furosemaidi ya mshipani huanza kufanya kazi ndani ya dakika chache, hufika kilele baada ya kama nusu saa, na nguvu yake kubwa huisha ndani ya saa mbili hivi. Kwa hiyo dozi iliyorukwa mchana haijifidii yenyewe usiku. Tangu asubuhi ya jana hadi asubuhi ya leo mama alikaa na dozi moja badala ya mbili.

Inabaki chati ya maji. Jana yaliyoingia ni mililita 1,450, mkojo mililita 1,000. Yaani yaliyobaki ni 450, na sehemu ya hayo hutoka kwa jasho na kwa pumzi bila kupimwa. Hesabu hiyo haifiki kilo 0.6. Kitu hakijaandikwa. Mwanafunzi anatazama meza ya pembeni na kuona chupa tupu ya maji ya nusu lita. Anauliza kwa upole, bila sauti ya kukamata mwizi, na mama anasema aliletewa na ndugu jioni, hakujua kwamba nayo inahesabiwa, alidhani kikomo ni cha maji ya kumezea dawa tu. Ukiongeza hizo mililita 500, mzani na chati vinaanza kusema lugha moja. Vikitofautiana, mimi huuamini mzani kwanza, maana chati ya maji inategemea kila mtu akumbuke kuandika kila kikombe.

Jambo la mwisho ni majibu ya maabara. Potasiamu ya siku ya kulazwa ilikuwa 3.6, ambayo ipo ndani ya kiwango cha kawaida cha 3.5 hadi 5.0 lakini kwa kuning'inia. Tangu hapo haijarudiwa, na furosemaidi huiondoa potasiamu kwenye mkojo. Ikishuka sana, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Kreatinini nayo, inayoonyesha kazi ya figo, ni ya siku hiyohiyo.

Hatua ya tatu: mwambie muuguzi msimamizi kabla ya raundi

Umegundua dozi iliyorukwa. Usiibebe hadi mbele ya daktari bingwa kama mshangao. Muuguzi msimamizi anapaswa kuisikia kwanza, kutoka kwako, faraghani. Mambo mawili yanafuata hapo. Yeye ataanzisha taarifa ya tukio kwa utaratibu wa hospitali, kazi ambayo si yako. Na mtakubaliana maneno utakayotumia kitandani.

Maneno hayo yanaeleza tukio, hayamtaji mtu. "Dozi ya saa 8 mchana haikutolewa kwa sababu kanula ilitoka" inatosha. "Zamu ya mchana walisahau" haimsaidii mgonjwa, na hulijui kwa hakika. Wala kisanduku kile kitupu hukigusi kwa kalamu yako.

Hatua ya nne: andika sentensi ya mwisho kwanza

Ni saa 2 na nusu. Dozi ya asubuhi imetolewa saa 2 kamili kupitia kanula mpya. Mwanafunzi anakaa na karatasi yake na kujiuliza: timu ikiondoka kitandani hapa, ninataka iwe imeamua nini?

Anaandika: dozi ibaki ileile na itolewe bila kukosa, potasiamu na kreatinini zipimwe leo, chati ya maji iandikwe upya kwa kushirikiana na mgonjwa. Hayo matatu. Mwanafunzi haamui dozi, hilo ni la daktari, lakini ana haki ya kuuliza: "Je, tuendelee na dozi hii kwanza?" Pendekezo likiwa katika umbo la swali lililo wazi linajibika. "Aendelee kuangaliwa" si pendekezo. Nani aangalie, nini, kila baada ya muda gani?

Sasa anarudi nyuma kwa kila habari aliyonayo na kuiuliza: je, inasaidia mojawapo ya hayo matatu? Uzito wa siku tatu unasaidia. Kanula iliyotoka inasaidia. Potasiamu inasaidia. Upasuaji wa kidole tumbo alioufanyiwa akiwa na miaka 20 hausaidii, unabaki kwenye faili. Idadi ya watoto wake, vivyo hivyo. Joto la 36.7 linatajwa kwa neno moja, "joto la kawaida", kwa kuwa linapunguza wasiwasi kwamba upumuaji umepanda kwa sababu ya homa ya mapafu.

Halafu anaandika tathmini, na hapa wanafunzi wengi huchanganya ugonjwa na tatizo la uuguzi. "Moyo umeshindwa" ni utambuzi wa daktari, umeshaandikwa tangu siku ya kwanza. Ukiurudia hujatathmini kitu. Tatizo la uuguzi linajengwa kwa vipande vitatu: tatizo lenyewe, kinachohusiana nalo, na ushahidi uliouona. Kwa mama huyu: maji yameongezeka tena mwilini, kunahusiana na dozi moja kukosekana na maji ya ziada yasiyoandikwa, na ushahidi ni kilo 0.6, upumuaji 24, mto wa tatu na uvimbe hadi chini ya goti. Ukisikia kipande cha pili kimekosekana kwenye tathmini yako, ujue bado hujamaliza kuuliza maswali kitandani.

Dakika kumi kabla ya raundi anarudi kwa mgonjwa mara moja zaidi. Hili watu hulisahau. Vipimo vya saa 1 na nusu vitakuwa vimepitwa. Mama amekojoa mililita 400 tangu sindano ya saa 2, na upumuaji umeshuka hadi 22. Mstari huo mmoja ndio ushahidi mkubwa kuliko wote kwamba dawa inafanya kazi ikiingia.

Pia anamwambia mama kwamba timu itakuja na kwamba atamwelezea mbele yao, na anamwomba ruhusa ya kutaja ile chupa ya maji. Kama pana jambo ambalo mgonjwa asingetaka kitanda cha jirani kisikie, mathalani majibu ya maambukizi fulani au mambo ya nyumbani, linasemwa mbali na kitanda kabla timu haijafika. Pazia linazuia macho tu, masikio halizuii.

Hatua ya tano: sema

Karatasi ya kushika mkononi iwe na namba tu. Ukiandika sentensi utazisoma, na ukisoma utainamisha kichwa, sauti itaishia kwenye karatasi. Hivi ndivyo mama wa kitanda namba 6 alivyowasilishwa kwa mara ya kwanza, mbele ya mkufunzi, kabla ya kurekebishwa:

"Huyu ni mama wa miaka 58, alianza kuumwa miezi minne iliyopita kwa kuchoka, akaenda zahanati akapewa dawa, baadaye miguu ikavimba, ana shinikizo la damu, aliwahi kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, ana watoto watano. Alilazwa juzi. Vipimo vyake leo upumuaji 24, mapigo 96, shinikizo 150/92, joto 36.7, oksijeni 94. Anaendelea na dawa. Miguu bado imevimba. Aendelee kuangaliwa."

Hakuna namba hata moja yenye kosa humo. Lakini msikilizaji hajui kama mama anapata nafuu au anazidiwa, hajui kuhusu kanula, na haombwi chochote. Na "anaendelea na dawa" ni kauli ambayo mwanafunzi hakuihakikisha. Kwa siku ya jana, haikuwa kweli.

Na hivi ndivyo alivyowasilishwa saa 3:

"Daktari, mimi ni mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa pili, nipo na mama wa kitanda namba 6, miaka 58, siku ya tatu. Jambo la leo ni kwamba maji yameongezeka tena mwilini tangu jana: uzito umepanda kilo 0.6 na usiku alihitaji mto wa tatu.

"Alilazwa kwa moyo kushindwa kusukuma damu, baada ya kukaa wiki tatu bila dawa za shinikizo. Anapata furosemaidi miligramu 40 mshipani mara mbili kwa siku, oksijeni lita 2, na kikomo cha maji lita moja na nusu. Uzito ulikuwa 74.0, ukashuka hadi 72.6, leo 73.2. Dozi ya jana saa 8 mchana haikutolewa kwa sababu kanula ilitoka. Mpya iliwekwa saa 5 usiku. Pia alikunywa nusu lita ambayo haikuandikwa.

"Saa 1 na nusu upumuaji ulikuwa 24, jana 20. Oksijeni 94 akiwa kwenye lita 2, mapigo 96, shinikizo 150/92, joto la kawaida. Uvimbe unafika chini ya goti, ngozi ya mgongoni ni nzima. Dozi ya leo saa 2 imetolewa. Tangu hapo amekojoa mililita 400 na upumuaji umeshuka hadi 22. Naona maji yameongezeka kwa sababu ya dozi iliyokosekana na maji ya ziada, na kwamba anaitikia dawa anapoipata.

"Potasiamu ya mwisho ni 3.6 ya siku ya kulazwa, haijarudiwa. Naomba kuuliza: tuendelee na dozi hii kwanza, na tupime potasiamu na kreatinini leo? Kwa upande wetu tutaandika chati ya maji pamoja naye na kumpima uzito kesho kabla ya kifungua kinywa."

Soma kwa sauti ukiangalia saa. Kwa mwendo wa kawaida haizidi sana dakika mbili. Angalia pia kwamba aya ya kwanza inabeba shida yote. Daktari akiitwa kwingine baada ya sekunde ishirini, ameshajua kwamba kitanda namba 6 kinamhitaji.

Habari mbaya na habari njema zote zimo, kila moja na saa yake. Mwanafunzi mwingine angefurahia ile 22 na kuiacha 24, au kinyume chake. Bila saa, namba hizo zinaonekana kupingana. Zikiwa na saa, zinaeleza kilichotokea.

Maswali yatakayokuja

Kwa mgonjwa wa aina hii ni machache na yanatabirika. Amekojoa kiasi gani jana? Mililita 1,000. Mzani ni uleule? Ndiyo, na nimerudia mara mbili. Ana maumivu ya kifua? Nimemwuliza, hana. Mapigo yanakwenda sawa au yanarukaruka? Hili la mwisho huwakamata wanafunzi wanaosoma mapigo kutoka kwenye mashine. Mashine inakupa idadi tu, vidole ndivyo vinavyokuambia kama yanafuatana vizuri, na kwa mtu aliyeshindwa moyo na ambaye potasiamu haijapimwa siku mbili, ni swali la haki kabisa.

Usilolijua, sema "sijaangalia, naangalia sasa," kisha uangalie kweli na urudi na jibu raundi ikiwa bado wodini. Usikisie namba. Namba ya kukisia ikishasemwa mbele ya kitanda, mtu anaiandika kwenye faili, na kesho mwenzako ataisoma kama kipimo.

Hatua ya sita: rudia maagizo kwa sauti

Daktari akiamua, mara nyingi huamua akiwa ameshageuka kwenda kitanda cha 7. Usimwache aondoke na maagizo yanayoelea. Mwanafunzi wetu alisema: "Narudia, daktari: furosemaidi miligramu 40 mshipani ibaki mara mbili kwa siku, potasiamu na kreatinini leo, kikomo cha maji lita moja na nusu." Daktari akaongeza kwamba damu itolewe kabla ya dozi ya mchana, ajue potasiamu mapema. Nyongeza hiyo isingesikika kama maagizo hayakurudiwa.

Kisha akaona maagizo yakiandikwa na kusainiwa kwenye faili, akamweleza muuguzi wa zamu aliyekuwa kitanda kingine, na akarudi kwa mama. Alimpa kikombe kimoja chenye alama ya mililita 200, akamwonyesha kwamba kikomo chake ni vikombe saba na nusu kwa siku, kila kinywaji kikiwemo, na wakaweka karatasi mezani ambapo mama mwenyewe angechora mstari kila akimaliza kikombe. Saa 8 kasoro dakika kumi mchana alikwenda kuitazama kanula ya mkono wa kulia, akaikuta haijavimba wala kuuma, akamwita muuguzi wa zamu. Dozi iliingia saa 8, na safari hii kisanduku kilipata saini.

Asubuhi iliyofuata, baada ya kukojoa na kabla ya kifungua kinywa, mzani uleule ulisoma 72.1.